Kifuniko cha laptopu kisichosimama: kurekebisha bawaba iliyong'oa plastiki yake

Kifuniko cha laptopu kikianza kulala chenyewe, watu wengi hudhani bawaba imekufa. Mara nyingi bawaba ni nzima kabisa, tena imekaza kupita kiasi. Kilichokufa ni plastiki inayoishikilia. Ukipaka gundi kwenye plastiki ukaiacha bawaba na ugumu wake, kazi itapasuka tena, na safari hii ufa utapita mahali pabaya zaidi. Kwa hiyo utaratibu wote ninaoueleza hapa unafuata mstari mmoja: tafuta palipovunjika, legeza bawaba, ndipo ujenge upya plastiki.

Mfano wangu ni laptopu ya inchi 15.6 ya bei ya kawaida, ya mwanafunzi wa chuo, iliyovunjika kwenye kona ya kushoto ya kifuniko. Nimeichagua kwa sababu ndivyo nyingi zinavyovunjika, na ni aina ambayo mtu makini mwenye bisibisi nzuri anaweza kuitengeneza nyumbani.

Kwa nini plastiki inakatika

Bawaba ya laptopu ni pini ya chuma iliyobanwa na washa kadhaa zilizopinda kidogo kama sahani, na mwishoni kuna nati inayozikandamiza. Msuguano wa washa hizo ndio unaofanya skrini isimame pale unapoiachia. Bawaba ina mguu unaofungwa kwenye kitako cha laptopu, na mkono mrefu unaopanda ndani ya kifuniko, pembeni mwa skrini.

Mkono huo haufungwi kwenye chuma. Unafungwa kwa skrubu ndogo zinazoingia kwenye nati za shaba, na kila nati imezamishwa kwenye kiguzo cha plastiki kilichoota kwenye kava ya nyuma ya skrini. Plastiki ya kava hiyo ina unene wa milimita mbili hivi, pengine pungufu. Grisi ya bawaba ikikauka na vumbi likiingia, pini hukaza. Kila unapofungua kifuniko, nguvu ambayo ingezungusha pini sasa inavuta viguzo. Mtu mwenye mazoea ya kufungua kwa kushika kona moja anaongeza tatizo, kwa kuwa bawaba ya upande ule inabeba karibu mzigo wote.

Kwenye laptopu ya mwanafunzi, nati tatu kati ya nne za upande wa kushoto zilikuwa zimechomoka, kila moja na pete ya plastiki ikiwa bado imeing'ang'ania. Kiguzo cha nne kilikuwa kimesimama, lakini shinani kilikuwa na mstari mweupe uliokizunguka. Weupe huo ni plastiki iliyokwisha kunyooka kupita uwezo wake. Kiguzo cha namna hiyo kihesabu kimevunjika, hata kama hakitikisiki.

Kabla ya kugusa bisibisi

Acha kufungua na kufunga. Kila mara kifuniko kinapopanda na viguzo vikiwa vimeng'oka, mkono wa chuma unasukuma skrini kutoka nyuma au unaibana kutoka pembeni, na kioo cha skrini kikipasuka gharama inaruka kutoka bei ya gundi hadi bei ya skrini nzima. Kama laptopu iko wazi, iache wazi, iegemeze kwenye kitu, unakili faili zako zote kwenye diski ya nje. Kama imefungwa na ni lazima uifungue, shika kifuniko karibu kabisa na bawaba iliyovunjika, ukibana fremu ya mbele na kava ya nyuma kwa pamoja kati ya vidole, upandishe polepole.

Sasa itazame kwa ubavu, chini kabisa pale kifuniko kinapokutana na kitako. Kama fremu ya mbele imeachana na kava ya nyuma, viguzo vya kifuniko ndivyo vilivyong'oka. Kama kifuniko kiko sawa lakini kona ya nyuma ya kitako inainuka unapofungua, kilichovunjika ni upande wa kitako. Na kama hakuna mwachano wala ufa popote, kifuniko kinalala tu kwa ulaini, basi bawaba yenyewe imelegea. Hiyo huhitaji kukazwa nati yake au kubadilishwa, na gundi haihusiki.

Kuna jambo moja lenye hatari kubwa kuliko mengine yote hapa. Kitako kikiwa kimeachana, chunguza betri kabla hujailaumu bawaba. Betri iliyovimba inasukuma kibodi juu na kufumbua kitako vilevile. Dalili zake ni padi ya kipanya isiyobonyea vizuri, kibodi iliyotuna katikati, au laptopu inayoyumba ukiiweka juu ya meza tambarare. Ukiona hivyo, zima, chomoa chaja, usibane wala kukandamiza chochote. Betri hiyo inatolewa kwanza, na kama huna uzoefu itolewe na fundi, kwa sababu ikitobolewa inaweza kuwaka moto.

Tikisa pia laptopu iliyozimwa karibu na sikio. Ukisikia kitu kinagonga ndani, ni nati ya shaba au skrubu iliyochomoka. Usiiwashe tena mpaka uitoe. Kipande hicho kikitua juu ya madabodi kinaweza kuunganisha nukta mbili zisizotakiwa kugusana, na hapo utakuwa na tatizo lisilotengenezeka kwa gundi.

Kuifungua

Zima kabisa, usiiache kwenye hali ya usingizi tu. Chomoa chaja. Fungua skrubu za chini, pamoja na zile zinazojificha chini ya miguu ya mpira, na kila moja uichomeke kwenye kipande cha karatasi nene ulichochora umbo la kitako, mahali pale pale ilipotoka. Hili si la urembo. Skrubu hizi zina urefu tofauti, na ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa sehemu ya juu ya kitako.

Zungusha kadi ya plastiki, ile ya zamani ya benki au ya simu, kwenye ukingo mpaka vishikizo viachie. Kazi ya kwanza baada ya kuinua kitako ni kuchomoa kiunganishi cha betri kwenye madabodi. Usifanye lolote lingine kabla ya hapo.

Kisha fremu ya mbele ya skrini. Ingiza ukucha upande wa ndani, kati ya fremu na skrini, uanzie juu katikati, mbali na bawaba. Kama fremu imegandishwa kwa utepe wa gundi, ipashe moto kidogo kwa kikausha nywele. Ukilazimisha ikiwa baridi itakatika. Ukifika chini, tazama nyaya mbili zinazopita karibu na bawaba: kebo ya skrini, ambayo ni pana au ni fungu la nyaya nyembamba sana, na nyaya za antena za waifai, ambazo mara nyingi ni moja nyeusi na moja nyeupe. Zipige picha kwa simu jinsi zilivyolala kabla hujazigusa. Baadaye picha hiyo itakusaidia kuliko kumbukumbu yako.

Toa skrini uilaze kifudifudi juu ya kitambaa safi, na usiibonyeze mgongoni. Skrini nyingine zimeshikwa kwa utepe wa kunyumbulika badala ya skrubu. Tafuta ncha ya utepe upande wa chini na uivute polepole iwe sambamba na kava mpaka utoke wote.

Legeza bawaba kwanza

Fungua bawaba zote mbili, ya kushoto na ya kulia, uzishike mkononi. Shika mguu kwa koleo na uzungushe mkono kwa vidole. Bawaba yenye afya inakataa, lakini inatii. Ile ya kushoto ya mwanafunzi haikusogea kwa vidole hata kidogo, ilhali ya kulia ilizunguka kwa nguvu ya kawaida. Tofauti hiyo peke yake ilitosha kueleza kwa nini kona ya kushoto ndiyo iliyovunjika.

Kama kuna nati mwishoni mwa pini, weka alama ya kalamu kwenye nati na kwenye washa iliyo chini yake ili ujue ulipoanzia. Igeuze kinyume cha saa kwa sehemu ya nane ya mzunguko tu, zungusha bawaba mara kadhaa, upime tena. Rudia hivyo mpaka mbili zilingane. Usikimbilie kulegeza sana. Unachotaka ni kifuniko kisimame kwenye pembe unayofanyia kazi. Kama kitaanguka kikiwa karibu kufungwa, si neno, na bora kilegee hivyo kuliko kikaze mpaka kivunje tena.

Bawaba nyingine hazina nati, pini imefinywa kiwandani. Hizo zitie tone moja la mafuta ya cherehani kati ya washa, zizungushe mara nyingi, kisha zifute na uzioshe kwa spiriti nje nje. Fanya kazi hii mbali na kava, maana mafuta kidogo tu juu ya plastiki yanatosha kuifanya gundi isishike. Ikibaki ngumu vilevile, nunua nyingine. Bawaba ni kipande cha bei nafuu ukilinganisha na kila kinachoizunguka.

Gundi, bolti au kava nyingine

Kubadilisha kava ya nyuma ndiyo tiba safi kuliko zote, na kama vipande vya plastiki vimepotea au ufa umefika kwenye ukingo wa nje, sioni sababu ya kuhangaika na kingine. Kariakoo, au maduka ya Barabara ya Luthuli mjini Nairobi, unaweza kupata kava iliyotoka kwenye laptopu iliyokufa. Nenda na namba ya kipande, ambayo kwa kawaida imeandikwa kwenye kibandiko ndani ya kava, maana jina la modeli pekee halitoshi: modeli moja inaweza kuwa na kava ya skrini ya kugusa na ya skrini ya kawaida, na viguzo havikai mahali pamoja. Kabla ya kulipa, igeuze kava uangalie shina la kila kiguzo kwenye mwanga. Ukiona mistari myeupe, unauziwa tatizo lile lile ulilokwenda nalo.

Bolti zinazopita kava mpaka nje zina nguvu na zinadumu, ila zinaonekana mgongoni mwa laptopu. Kwa kifuniko ni njia halali: bolti za milimita 2 au 2.5 zenye kichwa bapa, na washa pana upande wa nje ili nguvu isikusanyike kwenye tundu moja. Skrini iwe imetolewa unapotoboa, na uhakikishe ncha ya bolti haigusi kebo wala mgongo wa skrini. Kwa upande wa kitako sishauri kabisa mtu atoboe bila kutoa madabodi, kwa kuwa pale kuna tundu la chaja, feni na nyaya za umeme.

Gundi inafaa pale viguzo vimeng'oka lakini ukuta wa kava ni mzima na vipande vipo. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwanafunzi. Gundi ninayoisema ni epoksi ya mirija miwili, ile ya kukauka polepole. Zile za dakika tano huwa dhaifu zaidi, na zinakunyima muda wa kunyoosha bawaba. Supaglu inashika haraka lakini inakauka ikiwa kavu kama kioo, na nguvu ya bawaba ni ya kubandua, ambayo supaglu haiivumilii. Isitoshe, ni nyepesi kama maji: inatiririka mpaka kwenye pini au chini ya skrini, na mvuke wake unaacha ukungu mweupe. Mimi huitumia kwa kazi moja tu, kushikilia vipande vya ufa visicheze kabla ya epoksi. Gundi ya moto ya bunduki usiifikirie, inalainika kwa joto na kuachia.

Kujenga viguzo upya

Rudisha kila kipande mahali pake kikiwa kikavu, bila gundi, uone kama vinakaa. Kisha bandua karatasi ya fedha au rangi ya kiwandani iliyoko ndani ya kava, eneo lote litakalopata epoksi. Gundi iliyoshika karatasi hiyo itabanduka nayo. Kwaruza plastiki kwa msasa mkali, namba 80 hadi 120, mpaka mng'ao uishe, uendelee sentimita moja au mbili kuzunguka kila kiguzo. Ongeza vishimo vichache vya kina kidogo kwa ncha ya drili unayoizungusha kwa vidole, ukikumbuka kwamba ukuta ni mwembamba. Futa kwa spiriti uache ikauke. Usitumie asetoni wala thina: kava nyingi ni za plastiki ya ABS au mchanganyiko wake, na alama hiyo utaiona imechongwa ndani, `>ABS<` au `>PC+ABS<`. Asetoni inaiyeyusha.

Hapa ndipo pa kutuliza mkono. Usigandishe nati za shaba moja moja kwa kukadiria. Zifunge kwanza kwenye mkono wa bawaba kwa skrubu zake, ili bawaba yenyewe iwe kipimo cha nafasi. Paka nyuzi za skrubu Vaselini kidogo sana ili epoksi isizigandishe, na weka utepe wa plastiki chini ya mkono wa chuma ili usigandane na kava. Vaselini isifike nje ya nati, kwani huko nje ndiko gundi inakotakiwa kushika.

Funga bawaba ya kulia mahali pake kama kawaida. Changanya epoksi kwa vipimo sawa, au kama mrija unavyoelekeza, mpaka rangi iwe moja. Paka kwenye plastiki na kuzunguka kila nati, kisha laza bawaba ya kushoto pamoja na nati zake. Weka rula ndefu ikigusa pini zote mbili. Pini hizo lazima zikae kwenye mstari mmoja, maana zikipishana zitapigana kila kifuniko kinapofunguliwa, na ugumu ulioutoa utarudi kwa mlango mwingine. Kama kuna nafasi, zamisha kipande cha wavu wa fibaglasi ndani ya epoksi kikienea kutoka kiguzo hadi kiguzo, ili mzigo ugawanyike.

Usirundike gundi. Kimo cha kiguzo kipya kisizidi cha zamani. Ukiongeza hata milimita moja, mkono wa bawaba utakuja mbele, fremu haitafunga, na skrini itabanwa. Doa jeupe la mwanga linaloonekana pembeni mwa skrini baadaye ni dalili ya kosa hilo.

Bana kwa kibanio cha nguo, acha kava imelala tambarare kwa saa 24. Itaonekana imekauka mapema sana, lakini kuonekana ngumu si kufikia nguvu kamili. Baada ya hapo fungua skrubu, toa bawaba, vuta kila nati kwa koleo kwa nguvu ya wastani. Iliyotikisika ing'oe uirudie sasa, ukiwa bado umeifungua. Sawazisha mabaki kwa tupa na ufute vumbi lote.

Kufunga na kujaribu

Rudisha bawaba na skrini, laza nyaya kama zilivyo kwenye picha, lakini usirudishe fremu ya mbele bado. Unganisha betri, washa, na upandishe kifuniko polepole kuanzia karibu na kufunga hadi pembe ya kazi, jicho moja likiwa kwenye viguzo na jingine kwenye picha ya skrini. Skrini ikimetameta au kupata mistari kwenye pembe fulani, kebo imebanwa au imechubuka. Waifai ikidhoofika ghafla, waya wa antena umechomoka au umekatwa na bawaba. Kama kila kitu kimetulia, zima, chomoa tena betri, funga fremu na kitako, kila skrubu kutoka kwenye karatasi yake, na betri iwe ya mwisho kabla ya kufunika.

Ukimpelekea fundi

Upande wa kitako ukivunjika, au skrini ikiwa ni ile nyembamba iliyogandishwa na kioo chake, mpelekee fundi. Muulize mambo mawili: "Bawaba utailegeza?" na "Niifuate lini?" Akikuambia usubiri nusu saa, anatumia supaglu. Anayejua atakwambia urudi kesho au keshokutwa, na atakuonyesha bawaba ikizunguka mkononi kabla ya kuifunga.

Na kama huna pesa wala nafasi ya kuitengeneza sasa, iache kifuniko kikiwa wazi mezani, kimeegemezwa kwenye kitu kizito kinachogusa sehemu ya chini ya kava, karibu na bawaba, na usiibebe kwenye begi. Inaweza kufanya kazi hivyo kwa muda mrefu bila kuharibika zaidi.

Laptopu iliyotengenezwa ifunguliwe kwa kushika katikati ya ukingo wa juu. Baada ya wiki kadhaa itazame tena kwa ubavu, pale kwenye kona. Mwachano mwembamba ukianza kurudi, fungua fremu mara moja ulegeze nati kwa sehemu nyingine ya nane. Kifuniko kikianza kulala chenyewe bila mwachano wowote, kaza kwa kiasi hicho hicho, bawaba zote mbili kwa pamoja.